Kisa cha Nini?

Jumatatu, 6 Februari 2023. Muheza.

Safari ya barua imekwisha leo. Ya chuo niliipeleka kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ya mkoa nikaipeleka kwa Mkurugenzi wa halmashauri, na ya Mkurugenzi nimeikabidhi asubuhi kwa mkuu wa shule. Zote zinabeba kichwa kile kile: namna mwalimu wa Bayolojia na wanafunzi wa kidato cha kwanza wanavyozitumia lugha mbili darasani, watoto wakiwa wametoka kusoma miaka saba kwa Kiswahili na sasa wanakutana na Kiingereza kila kipindi. Na zote zinabeba kosa langu la Novemba, mstari niliouandika bila kufikiri: "Mbinu: uchunguzi kifani wa kiethnografia."

Profesa aliuzungushia kalamu nyekundu, akaandika pembeni: "Ni ipi kati ya hizi mbili? Chagua." Pendekezo analitaka mezani tarehe 20 Machi. Nina wiki sita za utafiti wa majaribio katika shule hii ya kata, na kazi yangu kubwa ndiyo hiyo. Matokeo yatafuata baadaye.

Jumanne, 7 Februari

Mkuu alinitambulisha kwenye kikao cha asubuhi kama "mgeni wetu kutoka chuo, atakuwa anaangalia ufundishaji". Neno "anaangalia" liliniponza. Niliona walimu wawili wakitazamana, nikajua wameshanifanya mthibiti ubora wa shule.

Nimeketi dawati la nyuma, mkondo B, kipindi cha tatu. Nimehesabu wanafunzi 62. Mwalimu M. alikuja na andalio la somo lililoandikwa kwa kalamu mbili za rangi, akafundisha dakika 40 bila kutamka hata neno moja la Kiswahili. Mara kumi na nne aliuliza, kwa Kiingereza, kama wameelewa, na mara kumi na nne darasa zima likaitikia kwa sauti moja kwamba wameelewa. Kijana aliyekaa mbele yangu aliitikia huku anachora pikipiki.

Kama ningeondoka leo na daftari hili, ningeandika tasnifu ya kusema kwamba mwalimu huyu habadili msimbo kabisa. Ningekuwa na ushahidi kamili, na ningekuwa nimekosea.

Jumatatu, 13 Februari

Usiku, taa ya sola. Nimesoma tena Yin na Stake. Vitabu vyenyewe ninavijua. Nilichokuwa sijawahi kukifanya ni kuvisoma huku nina darasa halisi kichwani.

Robert Yin, tangu toleo lake la kwanza la 1984, anasema uchunguzi kifani unafaa pale unapouliza "vipi" na "kwa nini" kuhusu jambo linalotokea sasa, ambalo huwezi kulitawala, na ambalo mpaka wake na mazingira yake hauonekani vizuri. Robert Stake, mwaka 1995, analisogeza kidogo: kisa ni kitu chenye mipaka, nawe unaweza kukichunguza kwa ajili yake chenyewe au ukakitumia kama dirisha la kuonea jambo jingine. Changu ni cha dirisha. Mkondo B haunivutii kwa kuwa ni mkondo B, unanivutia kwa sababu ya kile kinachotokea humo.

Hapo ndipo nilipojiona mjinga. Nimesoma mapendekezo mengi ya wenzangu yanayosema "huu ni uchunguzi kifani" kwa sababu moja tu, kwamba mtafiti alipata shule moja. Shule moja ni mahali. Kisa ni kisa cha jambo fulani, na ukimuuliza mwenye pendekezo "kisa cha nini?" akakujibu kwa kutaja jina la shule, ujue bado hana kisa. Nimejiuliza swali hilo kwa sauti, nikajikuta nataja jina la shule.

Jumanne, 21 Februari

Wiki ya tatu. Wanafunzi wameshanizoea. Wananiamkia "shikamoo madamu" kisha wananisahau, na hiyo ndiyo heshima ninayoitaka. Mwalimu M. sasa analeta andalio la kalamu moja.

Ethnografia inanivuta, sitaficha. Nimekuwa nikifikiria kazi ya Shirley Brice Heath iliyotoka 1983, matunda ya karibu miaka kumi kati ya jamii mbili za wafanyakazi kule Karolina, Marekani. Alifuatilia jinsi watoto wanavyozungumza nyumbani, ndipo akaweza kueleza kwa nini shuleni wengine walionekana hawajui kujibu maswali. Na karibu zaidi na kwetu kuna Amy Stambach, aliyeandika mwaka 2000 juu ya elimu ya sekondari na maisha ya watu wa Kilimanjaro. Kwake shule haikatwi ikatengwa na mashamba, ndoa na ugomvi wa wazee juu ya binti msomi. Ukisoma vitabu vya namna hiyo, kipindi cha dakika 40 kinaonekana kidogo sana.

Ila kuna Harry Wolcott. Mwaka 1973 alitoa kitabu kizima juu ya mwalimu mkuu mmoja tu wa shule ya msingi, kwa hiyo si mtu wa kubeza udogo. Lakini ni yeye huyo aliyesisitiza tofauti ambayo watu wa elimu tunapenda kuipita kimya: kufanya ethnografia ni jambo moja, kuazima mbinu za ethnografia ni jingine. Ukikaa nyuma ya darasa ukaandika unachokiona, umeazima. Unaanza kuwa mwanaethnografia pale unapotafuta utamaduni, yaani yale ambayo watu wa mahali pale wanayachukulia kuwa ya kawaida kiasi kwamba hawaoni haja ya kuyasema. Dawati la nyuma linaweza kukufikisha huko au lisikufikishe.

Alhamisi, 2 Machi

Leo nimepata nilichokuwa nakisubiri, na kimenivuruga.

Mada ni seli. Jana asubuhi Mwalimu M. aliifundisha mkondo A, nami nilikuwepo. Alichora seli ya mmea na seli ya mnyama ubaoni, akaeleza kwa Kiingereza ukuta wa seli na utando wa seli, akauliza kama wameelewa, wakasema wameelewa. Baada ya hapo aliwapa jaribio fupi la maswali matano. Leo mchana ilikuwa zamu ya mkondo B, kipindi cha mwisho, jua likiwaka kwenye bati. Alianza vilevile. Alipofika kwenye utando akasita, akaitazama michoro yake, akaweka chaki chini.

"Sikilizeni. Nani amelala kwenye chandarua jana?"

Mikono ikainuka, na kicheko.

"Hewa ilipita?"

"Ndiyoooo!"

"Mbu je?"

"Hapanaaa!"

"Haya. Utando ni chandarua. Unachagua kipi kipite na kipi kisipite. Ukuta je, ni chandarua? Ukuta ni ukuta, unaishikilia nyumba isianguke. Mmea una vyote viwili, una ukuta na chandarua ndani yake. Mnyama ana nini?"

Kimya. Kisha sauti moja kutoka upande wa dirishani: "Chandarua tu, madamu."

Akarudia yote kwa Kiingereza, polepole, akayaandika ubaoni. Haya yote yalichukua dakika nne. Kwa mara ya kwanza tangu nifike, hakuuliza kama wameelewa.

Kwa nini leo? Maelezo ya kwanza yaliyonijia ni kwamba amenizoea. La pili, kwamba dhana yenyewe ni ngumu. La tatu, kwamba ni kipindi cha mwisho, watoto wamechoka, na yeye yuko nyuma ya azimio la kazi. Kila moja linatosha, na kila moja linadai ushahidi wake. Ningelikuwa sijakaa mkondo A jana ningeandika la kwanza nikaridhika, kwa sababu ndilo linalonifurahisha mimi mtafiti. Lakini jana pia nilikuwepo, pia alikuwa amenizoea, na mada ilikuwa ile ile. Chandarua hakikutajwa.

Nilimsindikiza mpaka ofisi ya walimu. Sikumuuliza juu ya lugha. Nilimuuliza tu kuhusu jaribio la mkondo A.

"Limenitia aibu, dada," akasema. "Nusu wamempa ng'ombe ukuta wa seli."

Basi lipo la nne: ameona karatasi zimemrudia zimejaa makosa. Nikaomba nizione, akanipa. Ni kweli. Mmoja amechora hata matofali.

Yin anasisitiza sana kushindanisha maelezo, na kutumia vyanzo vya aina mbalimbali kwa jambo moja. Siku zote nililiona kama sharti la kuwaridhisha wahakiki. Leo vyanzo vitatu, yaani kipindi nilichokishuhudia, karatasi za jaribio na maneno ya mwalimu mwenyewe, vimekutana kwenye dakika nne za somo, na kimoja tu kingenidanganya.

Ijumaa, 3 Machi

Nilidhani nimeshapata jibu. Saa nne, wakati wa chai, nimekuta kundi la wanafunzi sita wa mkondo B chini ya mwembe, madaftari magotini. Binti yule wa dirishani anawaeleza wenzake: "Ukuta wa nje, utando wa ndani. Mnyama hana ukuta ndiyo maana ukimbonyeza anabonyea. Mbonyeze huyu." Na wakambonyeza mmoja wao shavuni. Kisha akawafundisha kuyatamka kwa Kiingereza, mara tatu tatu, kama wanaohifadhi aya.

Walinyamaza waliponiona. Ukutani nyuma yao pameandikwa kwa rangi ya bluu kwamba hapa panazungumzwa Kiingereza tu.

Sasa kisa changu kinaishia wapi? Kwenye pendekezo nimeandika "darasa". Mlango wa darasa uko hatua thelathini kutoka mwembeni, na sehemu kubwa ya kuelewa inatokea nje yake. Nikiufuata mwembe, kwa nini nisifuate njia ya kwenda nyumbani, na kaka anayesoma kidato cha tatu anayewaeleza usiku? Na madrasa, ambako wamezoea tangu utotoni kuyahifadhi maneno ya lugha nyingine kwanza na maana ikaja baadaye? Hili la madrasa limeninyima usingizi. Ni wazo la kiethnografia haswa. Huenda ndilo wazo bora kuliko yote niliyoyapata hapa.

Jumamosi, 11 Machi

Nimeshinda ndani siku nzima. Bi mkubwa mwenye nyumba ameleta uji mara mbili, akauliza kama naumwa.

Nimefanya kazi moja tu. Nimechukua madondoo yangu yote ya uwandani, kurasa 31, nikapitia aya kwa aya na kuandika pembeni herufi: S kama aya inajibu swali la somo (dhana inaelezwaje, kwa lugha ipi, wakati gani, na wanafunzi wanafanya nini nayo), U kama inajibu swali la utamaduni (kuwa mwanafunzi, kuwa msomi, kujua Kiingereza kuna maana gani kwa watu hawa). Nilitaka kuona daftari limekwenda wapi lenyewe, kabla sijaliamuru.

S zimejaa. U ni kumi na tisa. Hilo peke yake halisemi kitu, kwa sababu S ndizo nilizokuja kuzitafuta. Lililonigutusha ni namna U zilivyoandikwa. Kumi na nne kati ya hizo zinaanza na "nadhani", "bila shaka" au "kama kawaida". Ile ya madrasa inaanza na "bila shaka". Sijaingia madrasa hata moja hapa! Nimeandika juu ya madrasa yangu mwenyewe ya Pangani, ya miaka ishirini na mitano iliyopita.

Huo ndio udhaifu wangu, na sidhani kama vitabu vya Wazungu vinaujua vizuri, kwa kuwa vingi viliandikwa na watu waliokwenda ugenini. Malinowski alikaa Trobriandi akilazimika kujifunza kila kitu. Mimi nilifundisha sekondari miaka sita, ninaijua harufu ya ofisi ya walimu, ninajua mwalimu wa zamu anapokasirika anasimama wapi. Kila kitu hapa ninakijua, ndiyo maana sikioni. Kufanya ethnografia ya nyumbani kungenidai kwanza muda mrefu wa kuyafanya mazoea yangu yawe mageni kwangu.

Nikaingia kwenye hesabu. Ruhusa ya mwajiri inaishia Agosti 2024. Ninataka kidato cha kwanza wapya, kuanzia Januari, maana mpito wa lugha ndiyo roho ya mada. Muhula wa wiki 18 kwa vipindi vitatu vya Bayolojia kila wiki ni vipindi 54 kwenye karatasi. Lakini katika wiki nne za mwanzo hapa ratiba ilikuwa na vipindi 12 na vilifundishwa 8. Vingine vililiwa na kikao, mvua, usafi na mazishi ya jirani wa shule. Kwa uwiano huo nitapata vipindi 36. Kwa kufuatilia dhana nne au tano, kila moja kuanzia ubaoni hadi mwembeni hadi kwenye karatasi za jaribio, 36 vinatosha. Kwa kuelewa nyumba, madrasa na shule za msingi walikotoka, kutosha au kutotosha kwa vipindi si hoja tena. Ningehitaji kuishi nao, na ningehitaji kibali kingine kwa kila mlango.

Nisijidanganye kwamba muda ndio umeniamulia. Jeffrey na Troman walieleza mwaka 2004 kwamba ethnografia ya elimu inaweza kuwa ya muda mfupi uliobanwa, au ya kwenda na kurudi kwa kuchagua, au ya kurejea mahali pale pale kwa vipindi maalumu. Mlango wa muda mfupi upo, na wapo wanaoupita kwa haki. Ninachokiona ni kwamba swali langu halijabadilika tangu Novemba. Katika ethnografia ningetarajia watu wa hapa walivunje na wanipe lao. Langu limenyooka tu, limepata meno. Hiyo ni dalili ya uchunguzi kifani.

Saa mbili usiku nikaandika mpaka upya. Kisa si shule wala darasa. Kisa ni maelezo ya dhana ya kisayansi yanavyosafiri kati ya Kiingereza na Kiswahili, tangu mwalimu anapoitaja dhana hiyo mara ya kwanza mpaka wanafunzi wanapoacha kuulizana kuhusu hiyo pale shuleni. Kwa mpaka huo mwembe umo ndani. Nyumba na madrasa ziko nje, na nitaandika wazi kwamba ziko nje, msomaji ajue nilichokiacha na asidhani sikukiona.

Jumatano, 15 Machi

Profesa amepiga simu, mtandao unakatika. Nimemsomea mpaka mpya.

"Shule moja, binti. Watakuuliza inawakilisha shule ngapi."

Nikamwambia haiwakilishi hata moja. Sijumlishi kutoka kwa wanafunzi 62 kwenda kwa wanafunzi wa Tanzania. Ninajumlisha kwenda kwenye hoja: kama ni kweli kwamba mwalimu huyu anahamia Kiswahili pale makosa yanapomrudia kwa maandishi, na si pale anapoambiwa kwa pamoja kwamba wameelewa, basi mtu mwingine aende shule nyingine aijaribu hoja hiyo, na akiikuta imevunjika itakuwa faida kwetu sote.

"Na ukikuta mwalimu wa Januari hana chandarua?"

Swali zuri, sikuwa na jibu. Baadaye nimeona kwamba ndiyo sababu ya kuwa na mikondo miwili na dhana nne tano ndani ya kisa kimoja. Chandarua kimoja ni hadithi nzuri tu. Ikitokea mara nyingi kwamba karatasi za makosa zinatangulia na Kiswahili kinafuata, nitakuwa na mwelekeo. Isipotokea, nitaandika hivyo.

Kabla ya kukata akasema, "Mbinu za kiethnografia zitumie, kaa, sikiliza, andika. Jina usilichukue."

Ijumaa, 17 Machi

Nimefuta neno "kiethnografia" kwenye jalada na katika sura ya tatu, mahali pote isipokuwa aya moja inayoeleza nimeazima nini na kwa nini ninakiita kuazima. Aya ya madrasa nimeinakili kwenye daftari jingine, la kijani, ambalo si la tasnifu hii.

Mfungo unakaribia, wanafunzi wameanza kuzungumzia futari. Nimemwambia Mwalimu M. kwamba Januari nitarudi kwa muhula mzima, naye amekubali kwa sharti moja, kwamba nisome kila ninachokiandika juu yake kabla hakijatoka, na nimsomee yeye mwenyewe, kwa Kiswahili. Sharti hilo nimeliandika kwenye fomu ya ridhaa.

Pendekezo linaondoka kesho na basi la saa kumi na mbili asubuhi. Mimi ninabaki mpaka Jumatano, ila kipindi cha Jumatatu Mwalimu M. ameomba nisiingie. Kuna jaribio, watoto ni 62, na anahitaji kila dawati, likiwamo langu.